Vijana wangu wawili na saruji ya Chanika

Kabla hamjaendelea kunijazia inboksi: hapana, mtoto wangu hakubeba saruji. Shoga yangu ameshaisambaza hii habari hadi kwenye grupu la kikoba, na kwenye toleo lake mwanaume amezimia. Hakuzimia. Alikaa tu chini kidogo, kwenye ndoo.

Huyu kaka tulikutana kwenye kikao cha harusi, yeye mweka hazina, mimi kamati ya mapambo. Namba yangu akaichukua kwenye grupu, akaanza na "dada mchango wako bado", na baada ya siku chache mchango ukasahaulika, nikawa "mrembo". Mnajua zinavyokwenda. Sasa mimi nilijiapiza kwamba safari hii jambo la watoto nalisema mapema, mtu asije akanogewa halafu akashtuka. Na nililisema! Hapo ndipo mnaponionea. Tatizo, sikutaka kuonekana nimeandika barua ya posa, nikalitia utani. Aliponiuliza mbona usiku huwa nachelewa kujibu, nikamwandikia: "Nina vijana wangu wawili hapa nyumbani, mpaka walale ndiyo nashika simu."

Akajibu, "Kumbe una vijana! Wanakaa hapo hapo?"

"Hapo hapo. Wanakula kwangu, wanalala kwangu."

"Safi. Wachapakazi?"

Nikacheka peke yangu. Nikaona mwanaume ana utani wa kiutu uzima. "Mkubwa ukimtuma anaenda. Mdogo mpaka umbembeleze na pipi."

"Vijana wa siku hizi wote ndivyo walivyo. Uliwatoa wapi?"

"Muhimbili, wote wawili 😂"

"Ahaa, watu wa Upanga hao. Kazi ngumu wataiweza?"

Jamani. Someni tena hayo maneno kwa macho ya mtu aliyeshapenda. Mimi nililala usingizi mnono, nikijua nimeshatua mzigo na mwenzangu kaupokea kwa kicheko. Asubuhi nikamwambia shoga, "Nimemwambia habari za watoto, wala hakutetereka."

Wiki hiyo hiyo akaandika: "Jumamosi nashusha saruji saiti Chanika. Niazime vijana wako, nitawapa 10,000 kila mmoja na chakula juu." Nikaona huyu sasa ndiye. Mwanaume anatafuta kisingizio cha kuwatoa watoto matembezi! Nikamtumia lokesheni ya hapa Gongo la Mboto na maneno haya, ambayo shoga kayapiga picha na ndiyo yanazunguka: "Njoo uwachukue. Ukiwaweza, warudishe Jumatatu."

Jumamosi saa tatu asubuhi. Niko uani kwenye kigoda, shoga ananisuka, nusu ya kichwa imekwisha na nusu imesimama wima. Kirikuu inapiga honi getini. Imebeba mifuko 12 ya kilo 50, imelala nyuma mpaka tairi zinakaribia kugusa bodi. Nashangaa kidogo mtu anayekuja kuchukua watoto kuja na saruji kweli, lakini nasema moyoni labda ataishusha kwanza. Anateremka kwenye kirikuu. Kavaa ovaroli. Mkononi kashika glavu, jozi mbili, mpya, bado zina karatasi ya bei.

Napaza sauti kwa madaha, "Vijana! Mgeni wenu kafika!"

Wakatoka. Mkubwa, miaka 7, jezi ya Yanga imemfika magotini. Mdogo, miaka 4, kandambili kazigeuza miguu, uji wa lishe umekauka kwenye mashavu yote mawili. Wakasimama mbele yake wametulia, maana niliwaahidi soda wakiwa na adabu.

Yule kaka akatazama juu ya vichwa vyao, mlangoni. Akasubiri. Nami nikasubiri. Dereva akazima gari. Shoga akaacha kusuka, nikausikia mkono wake umeganda kwenye nywele zangu.

"Wanamalizia kuvaa?" akauliza.

"Nani?"

"Vijana."

"Si hao."

Akainamisha macho taratibu. Mkubwa akaona kimya kimezidi, akakumbuka adabu: "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, na nadhani mkono wake ulikwenda wenyewe bila idhini ya kichwa, kwa sababu alimkabidhi mwanangu glavu. Mdogo akadai zake. Akapewa. Akazivaa, zikamfika kwenye viwiko, akanigeukia na kupiga kelele mtaa mzima usikie: "Mama! Tunaenda kazini!"

Mama. Nikaliona neno likimwingia yule kaka, likashuka, likafika tumboni. Akaniangalia mimi, akawaangalia wao, akaniangalia mimi na nusu kichwa changu. "Hawa ni... wa kuzaa?"

Eti wa kuzaa! Na mimi badala ya kujibu kama mtu mzima nikasema, "Nilikwambia wametoka Muhimbili."

Hapo ndipo alipokaa kwenye ndoo, na shoga akaanguka na kitana chake. Mdogo kumshusha kwenye kirikuu ilichukua soda mbili.

Kaka akaenda Chanika, akashusha na dereva. Jioni kimya. Nami nikakaa na simu kuandika upya kile nilichodhani nimeshakiandika. Toleo la kwanza lilianza na "samahani, nina watoto", shoga akalifuta: unaomba radhi kwa lipi, umewaiba? La pili niliwasifia kuwa ni watulivu, hawasumbui, na wakati huo huo mdogo alikuwa anapaka dawa ya meno ukutani. Nikafuta mwenyewe. Mwisho ikatoka hii, na mnaoniomba niwaandikie ya kwenu chukueni hii hii:

"Leo nilete maneno yaliyonyooka. Nina watoto wawili, wa miaka 7 na 4, nimewazaa mimi na naishi nao. Mimi na baba yao tuliachana, tunazungumza mambo ya watoto tu. Sitafuti wa kuwalea wala wa kuwalipia ada. Nimekwambia mapema ili uamue ukiwa unajua, na ikiwa si jambo lako niambie tu, kwenye harusi tutasalimiana."

Shoga alitaka nimtumie na picha yao. Nilikataa. Wangu alishawaona getini, ila ninyi msitume: kujua kwamba wapo ni haki ya mtu kabla hajatoa nauli ya kuja kukuona, lakini sura zao na shule wanayosoma, mtu wa kwenye simu hana haraka nazo. Na ile ya baba yao usiiruke hata kama inakuuma, maana ukiiruka mwenzako anaijaza mwenyewe, na kichwani mwake baba huwa bado yuko chumbani anapiga pasi.

Tiki zikawa buluu. "typing…" ikaja, ikapotea, ikaja. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Niliporudi, jibu lilikuwa hili: "Asante kwa kunyoosha. Sasa na mimi ninyooshe. Unakumbuka kale kamradi kangu ka Dodoma, nilikokwambia nakatumia hela kila mwezi?"

Nilikakumbuka vizuri sana. Mwezi uliopita nilimpa ushauri wa biashara bure, kwa sauti, dakika mbili nzima: kama hakaingizi faida mpaka leo, atafute mteja akauze.

Kana miaka 6. Kako kwa bibi yake, na ile sauti kaka anayo bado.