Pigo litoke ndani ya kazi

Tuna programu hapa Ngamiani, Tanga, inayochukua kumbukumbu za maziwa kutoka kwenye foleni ya Redis na kumtumia kila mfugaji meseji ya lita alizopeleka kituoni. Asubuhi moja mama wa kituo kimoja huko Muheza alipiga simu: "Wanangu, tangu jana meseji haziji, wafugaji wananiona mimi ndiye mwizi."

Ukiangalia seva, kila kitu shwari. `systemctl status` inasema `active (running)`. Logi haina kosa hata moja, ila mstari wake wa mwisho ni wa jana jioni. Programu haikufa. Ilituma ombi kwa kampuni ya meseji, upande wa pili ukapokea muunganisho na kunyamaza, nayo ikabaki inasubiri jibu. Maktaba ya `requests` ya Python haina ukomo wa kusubiri usipoiwekea `timeout`, kwa hiyo ingesubiri hadi leo.

Kinachoudhi ni kwamba mapigo, yaani ishara fupi ambazo programu hutuma kusema bado iko hai, yalikuwepo. Yalitumwa kila dakika na kipande cha pembeni cha programu hiyohiyo, ambacho hakijui lolote kuhusu foleni. Mapigo ya namna hiyo naona ni bora yasiwepo, maana yanawatuliza watu bure. Pigo linapaswa kutoka ndani ya mzunguko wenyewe wa kazi:

```python
while True:
    kazi = r.blpop("meseji", timeout=30)
    if kazi:
        tuma(kazi[1])
    pigo()
```

Ile `timeout=30` ndiyo siri ya usiku. Foleni ikiwa tupu, programu huamka kila baada ya sekunde 30, hupiga pigo, hurudi kusubiri. Bila hivyo usiku mtulivu ungeonekana kama kifo. `tuma` tumeipa sekunde 20, na `pigo` sekunde 5 pamoja na `try` yake, isije mtandao wa mapigo ukaangusha kazi yenyewe. Mzunguko mmoja basi kwa kawaida hauvuki dakika moja, na kengele inalia zikipita dakika 3 bila pigo. Ukiiweka dakika 1 kamili, itawaamsha watu kwa mtandao uliokwama kidogo tu, na baada ya wiki watainyamazisha.

Hata hivyo pigo halisemi kama kazi imefanikiwa. `tuma` ikishindwa na kuirudisha kumbukumbu kwenye foleni, mzunguko unaendelea na mapigo yanapiga vizuri kabisa. Hapo tunapima umri wa kumbukumbu kongwe iliyo foleni, tangu ilipoandikwa mara ya kwanza. Ikizidi dakika 10, kengele nyingine.

Anayesikiliza mapigo anakaa kwenye seva ya mbali, maana umeme ukikatika ofisini mlinzi na mlindwa wangezimika pamoja. Na kengele yenyewe inapiga simu. Mwenzetu mmoja alitaka ije kwa meseji, kupitia kampuni ileile.