Chumba kimoja, watu wanne: kipi ninunue kiroba, kipi nipime kwa Mangi

Mwaka juzi nilisaga kilo 40 za dona kwa mkupuo mmoja. Mahindi niliyapata sokoni Tandika kwa bei niliyoiona ya kuokota, nikayapitisha mashineni, nikapanda bajaji hadi Mbagala nikiwa na kiroba mapajani kama mtoto. Ukijumlisha mahindi, kusaga na nauli, kila kilo ilinisimamia shilingi 1,150. Kwa Mangi, mwenye duka la mtaani kwetu, dona wakati ule ilikuwa 1,500. Nilijiona mjanja.

Tunaishi chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, mimi, baba watoto na watoto wawili. Kiroba kilikaa chini ya kitanda. Wiki ya tatu ugali ukaanza kuwa na harufu ya mafuta ya zamani. Wiki ya nne mtoto wangu mdogo akausukuma, "mama, mchungu." Nikachungulia kirobani: unga umeshikana mabonge pembeni, vidudu vyekundu vyekundu vinatembea, na juu kuna nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Zilibaki kilo 13 tusizoweza kula. Hesabu yake ni hii: nilitoa 46,000, tukala kilo 27 ambazo kwa Mangi zingenigharimu 40,500. Kununua kwa jumla kulinitia hasara ya 5,500, achilia mbali wiki nne za kulala na kiroba chini ya kitanda.

Tangu hapo watu wakiniambia "nunua nyingi, utaokoa", nauliza kwanza: nyingi ya nini? Maana muda hauvitendei vyakula vyote sawa. Mchele unazidi kuwa mzuri ukikaa. Maharage yanazidi kuwa magumu. Unga unakufa.

Nianze na unga, kwa kuwa ndio ulionifunza. Punje ya mahindi ina kiini, na sehemu kubwa ya mafuta ya hindi imo humo. Hindi likiwa zima, kiini kimefunikwa na kinatulia. Ukisaga dona unakipasua na kuyasambaza yale mafuta kwenye unga wote, yakutane na hewa na joto la Dar. Hapo yanaanza kuchacha, na uchungu ule hauondoki kwa chekeche wala kwa kuanika. Sembe inavumilia zaidi kwa sababu mahindi yamekobolewa na kiini kimetoka, ingawa wadudu hawaisusi. Mimi nilikuwa na kosa la pili pia. Unga ukitoka mashineni ni wa moto. Nilifunga kiroba papo hapo, ule moto ukatoa jasho ndani, na jasho ndilo lililofanya mabonge. Unga mpya hutandazwa kwanza mahali pakavu upoe kabisa, ndipo ufungwe.

Tena unga ni mwizi wa nafasi. Ndoo ya lita 20 inaingia mchele kama kilo 16, lakini unga usioshindiliwa ni kilo 11 au 12 tu. Kwa mwenye stoo hilo si neno. Kwa mimi ninayehesabu ndoo mbili tu zinazoenea chini ya kitanda, kuweka unga ni kukipa nafasi ghali kitu kinachoharibika haraka kuliko vyote. Kwa hiyo dona nanunua kilo mbili au tatu, sembe siivushi kilo tano. Hiyo shilingi mia tatu na ushei ninayomwongezea Mangi kwa kila kilo naihesabu kuwa kodi ya stoo yake.

Mchele ni habari nyingine. Mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba mchele mpya unashika. Una unyevu bado, ukikosea maji kidogo tu umepika bokoboko. Uliokaa miezi kadhaa unachambuka na unavuta maji zaidi, sufuria inajaa. Kwa hiyo kuuweka ndani hakukupunguzii kitu, mradi ni mkavu. Nachota kiganjani, nang'ata punje: kavu inavunjika kwa mlio, mbichi inalegea jinoni. Kama bado nina shaka, natia kiganja cha mchele na chumvi kavu kwenye chupa kavu, natikisa, nasubiri kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo au kwenye punje, siununui hata uwe wa Kyela kwa kiapo. Hata mahindi hupimwa hivyo hivyo.

Mara ya mwisho kiroba cha kilo 25 nilikipata kwa 60,000, yaani 2,400 kwa kilo. Mangi aliuza 2,800. Akiba ni 10,000, toa bajaji 3,000, inabaki 7,000. Sisi tunakula kama kilo 16 kwa mwezi, kwa hiyo kiroba kinatufikisha wiki sita hivi. Shilingi 7,000 kwa wiki sita si utajiri, ila ni gesi ya siku kadhaa au daftari za shule.

Lakini nisikilize hapa, hasa wewe uliye kwenye kikoba. Jirani yangu alikopa 60,000 ili anunue kiroba kama changu. Kikoba chake kinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Akirudisha baada ya mwezi mmoja, riba ni 6,000, na katika ile akiba amebakiwa na 1,000. Akichelewa hadi mwezi wa pili riba inafika 12,000, na mchele ule unakuwa ghali kuliko wa Mangi. Kiroba ni cha pesa iliyolala, ambayo kama hungenunua mchele isingekuwa na kazi ya haraka. Pesa ya kukopa, au ya kodi ya nyumba ya mwezi ujao, haifai kugeuzwa mchele.

Sasa unakiweka wapi? Kiroba kilichofunguliwa chini ya kitanda ni karamu ya fukusi na panya, na sakafu ya sementi inapumua unyevu usiku kucha. Mimi siweki tena kiroba kama kiroba. Nikifika nyumbani naupeta mchele, naondoa chenga na vumbi, kisha naugawa kwenye chupa tupu za maji za lita moja na nusu. Chupa moja inaingia kilo moja na robo hivi, kwa hiyo kiroba kizima ni chupa 20. Zinalala chini ya kitanda, nyuma ya kabati, hata juu ya sanduku la nguo, kule ambako ndoo haipenyi. Chupa lazima iwe kavu kabisa. Naiosha, naianika juani siku mbili mdomo ukiangalia chini, na ikiwa na tone hata moja inasubiri kesho. Najaza mpaka mdomoni, nagonga chini mara mbili tatu mchele ushuke, naongeza, nakaza kifuniko.

Kujaza mpaka juu si ubahili wa chupa. Fukusi wengi hatuwaokoti nyumbani, tunawanunua, maana mayai yamo tayari ndani ya punje. Kwenye chupa iliyojaa hewa ni kidogo. Wadudu wakitotolewa wanaimaliza wenyewe na kufa kabla hawajazaana. Wakulima wanaotumia ile mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia mahindi bila dawa wanatumia kanuni hiyo hiyo, ila wao wanafunga kilo 100. Na ikitokea chupa moja imeingia unyevu, nimepoteza kilo moja na robo, si kiroba.

Chupa zimenitibu na ugonjwa mwingine ambao wanaohesabu akiba hawautaji. Kitu kikiwa kingi kinaliwa kama kingi. Mkono unaochota kirobani hauna breki. Nikiwa na kiroba wazi tulikuwa tunapika kilo nzima kwa mlo ambao robo tatu inatosha, kisha kiporo kinamwagwa. Nikiwa na chupa najua hii ni ya leo na kesho. Jirani akija na bakuli kuomba kibaba, namiminia kibaba, simwonyeshi gunia.

Maharage nilidhani ni kama mchele, yote si makavu? Nikanunua kilo kumi kwa 2,900 wakati Mangi anauza 3,200. Miezi mitatu baadaye sufuria ilikuwa inachemka asubuhi mpaka adhuhuri na maharage bado yanagonga meno. Joto na unyevunyevu wetu huu unayafanya magumu kadiri yanavyokaa. Rangi inakolea, na ukiyaloweka usiku asubuhi mengine hayajavimba. Nusu kilo iliyoniokolea shilingi 150 ilikuwa inakula mkaa wa zaidi ya 500 kuliko kawaida. Magadi yanasaidia kulainisha, lakini kwetu baba watoto anayanusa tangu mlangoni na hali. Siku hizi nanunua kilo tatu au nne, za kuisha ndani ya mwezi, na nikikuta tundu la duara kwenye punje hata moja naliacha fungu zima.

Mafuta ya kupima ndiyo yanayotuibia kimyakimya. Siku moja nilichukua ya 500 nikayamimina kwenye chupa ya mtoto ya kunyonyea yenye alama: mililita 80. Hiyo ni 6,250 kwa lita. Dumu la lita tano nililipata kwa 26,000, sawa na 5,200 kwa lita. Tunatumia lita nne kwa mwezi, kwa hiyo naokoa 4,200, na dumu la lita tano linasimama pembeni ya jiko bila kumsumbua mtu. Dumu la lita 20 lingenipunguzia shilingi 300 tu zaidi kwa lita, lakini linakula nafasi ya ndoo nzima, pesa yake karibu laki moja imelala, na kulinyanyua kumimina kwenye kikaangio ni kumwaga. Sijawahi kushawishika nalo.

Kuna hesabu moja isiyoingia kwenye mizani. Mwezi niliopata kiroba, dumu na sabuni vyote sokoni, nilikuwa naenda kwa Mangi kununua kiberiti na chumvi. Tarehe 24 mtoto akashikwa na homa, pesa ikaishia dawa, nikaenda kuomba unga na sukari niandikwe. Akafungua daftari polepole, akasema, "Dada, wewe siku hizi unanikumbuka ukiwa huna." Alinipa, lakini alinipa kilo moja.

Kwa hiyo unga, sukari na nyanya za pakiti ni vya kwake. Asubuhi hii nimechukua dona kilo mbili, na chini ya kitanda zimebaki chupa saba za mchele.