Kazi isiyo na jina ndiyo inayozaa mtegeaji

Mwaka wangu wa pili chuoni, hapa Kampala, niliandika kozi-waki ya kikundi peke yangu usiku mbili mfululizo. Tulikuwa watu sita. Wote sita tulipata alama zilezile, na mmoja wao hakujua hata swali lilikuwa linahusu nini. Kwa muda mrefu nilihesabu kisa kile kuwa ushahidi kwamba wenzangu ni wavivu. Leo naamini kosa kubwa lilikuwa langu mimi kiongozi, kwa sababu nilivyogawa kazi nilimpa kila anayetaka kutegea mahali pazuri pa kujificha.

Nilikuwa nimeandika kwenye wasapu: "Wawili watafute data, wawili waandike, wawili wapitie na kurekebisha." Ujumbe ule unaonekana wa haki, lakini soma tena. "Wawili watafute data" maana yake hakuna mtu mmoja ambaye data isipopatikana ataulizwa yeye. Kila mmoja wa wale wawili alimngoja mwenziwe, na wale wa kupitia hawakuwa na kitu cha kupitia mpaka siku ya mwisho.

Jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapima watu wakivuta kamba, mmoja mmoja na kwa vikundi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Katika kundi la watu wanane, kila mmoja alikuwa anavuta karibu nusu tu ya nguvu aliyovuta akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni watu kutovuta kwa wakati mmoja. Lakini mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake, Kipling Williams na Stephen Harkins, waliwafunga watu macho, wakawawekea vipokea sauti masikioni, wakawaambia wapige kelele. Aliyedhani anapiga kelele pamoja na wengine alipunguza sauti, ingawa kwa kweli alikuwa peke yake. Mwaka 1981 walionyesha sehemu ambayo kiongozi wa kikundi anapaswa kuishika: mtu akijua kwamba sauti yake mwenyewe inapimwa hata akiwa kundini, ule upungufu unatoweka. Watu ni walewale na kundi ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sauti ya kila mmoja sasa inatambulika.

Muhula uliopita tulipewa siku kumi za kueleza jinsi wachuuzi wa soko la Kalerwe, hapa Kampala, wanavyotupa taka zao. Tena tulikuwa sita, na mimi kiongozi. Watatu kati yetu huongea Kiganda vizuri. Sisi wengine, mmoja wa Arua, mmoja wa Mbale na mimi niliyetoka Mombasa, tunaelewana zaidi kwa Kiswahili. Mgawo wa haraka ungekuwa kuwaachia wale watatu mahojiano yote. Hapo wangebeba kazi nzito kuliko sisi, na sisi tungepata kisingizio halali. Kwa hiyo tuliunda jozi tatu, kila jozi ikiwa na mmoja wa Kiganda anayeuliza na mwingine anayeandika majibu katika daftari kadiri yanavyotafsiriwa. Kila jozi ilipewa wachuuzi sita. Jumla kumi na wanane, na ukurasa wa kila mchuuzi ulikuwa na jina la aliyeuliza na la aliyeandika.

Ripoti niliikata vipande sita, kila kipande na mwandishi mmoja tu. Kisha kila kipande kilipewa msomaji kutoka jozi nyingine, ambaye kazi yake ilikuwa kulinganisha maandishi na kurasa za daftari. Msomaji huyu ana faida kuliko kiongozi, kwa sababu yeye alikuwa sokoni. Aliyenakili mtandaoni maelezo ya jumla kuhusu taka za mijini alikamatwa siku ya sita, si kwa ukali wangu, bali kwa sababu msomaji wake aliuliza: "Dada, huyu mchuuzi unayemtaja yuko ukurasa gani?" Aliandika upya, na safari hii vizuri.

Kufuatilia kulifanyika katika jedwali moja la Google Sheets: kazi, mwenye kazi, tarehe, ushahidi, msomaji. Safu ya ushahidi ndiyo roho ya jedwali lile. Hatukukubali neno "nimemaliza". Tulikubali picha ya ukurasa wa daftari, au kipande chenyewe ndani ya waraka. Tarehe za ukaguzi zilikuwa tatu: siku ya tatu, ya sita na ya nane. Katika Google Docs unaweza pia kufungua `Version history` ukaona nani aliandika nini na lini. Naitumia kwa tahadhari, kwani inaonyesha akaunti iliyochapa, haionyeshi aliyefikiri. Mwenzetu asiye na kompyuta huandika kwa mkono na mwingine humchapia, na ukitazama historia peke yake utamhesabu mtegeaji. Ndiyo maana tuliongeza safu nyingine: aliyetoa, na aliyechapa.

Siku ya tatu nafasi mbili zilikuwa tupu. Sikutaja mtu kwenye wasapu, maana anayeaibishwa mbele ya wenzake hutafuta kujitetea kabla ya kutafuta daftari. Nilimfuata kila mmoja peke yake. Yule wa Arua simu yake ilikuwa imevunjika kioo. Kurasa zake sita zilikuwa tayari, zimeandikwa kwa mwandiko safi kuliko wetu sote. Tulizipiga picha kwa simu yangu, ikaisha. Wa pili aliniambia, "Kaka, nakaribia kumaliza." Nikampunguzia ombi: aniletee kabla ya saa mbili usiku hesabu tu ya wachuuzi wanaolipia kuzolewa taka. Aliyeanza kazi huweza kutoa kipande kidogo kama hicho hata kama hajamaliza. Hakuleta. Siku ya sita akasema yaleyale.

Hapo kiongozi hujaribiwa kuandika mwenyewe kimyakimya usiku, kama nilivyofanya zamani. Ukifanya hivyo unafuta ushahidi, na wengine wakigundua kwamba kuna wa kuwabebea, nao hupunguza kasi ili wasionekane wajinga. Siku ya nane nilibadilisha jina la mwenye kazi katika jedwali, wazi, na tarehe ikabaki pale. Dada wa Mbale ndiye aliyekubali kuandika kipande kile juu ya chake.

Jedwali tuliliambatisha kwenye ripoti. Hii iliwezekana kwa sababu siku ya kwanza kabisa nilimwendea mhadhiri nikamwuliza kama atalisoma, naye akakubali. Kisha nikawaambia wenzangu wote siku hiyohiyo. Ukilipeleka mwishoni bila kuwaambia, linakuwa barua ya mashtaka, na wana haki ya kukasirika. Watano tulipata 29 kati ya 40. Yule mwenzetu alipata 14, akanijia kwa hasira. Nilimwonyesha tarehe tatu na nafasi zake tatu tupu, naye hakubisha juu ya hata moja.

Linalonikera ni dada wa Mbale. Aliandika vipande viwili, alama zake zikawa 29 kama zangu. Jedwali lilimnasa aliyetegea, lakini aliyebeba halikumpa kitu. Muhula huu, nitakapomwendea mhadhiri siku ya kwanza, hilo ndilo nitakalouliza kabla ya mengine.