Watu 23, jozi 253

Katika kikoba chetu cha wanachama 30, katibu alikuwa akisahihisha daftari la taarifa za wanachama alipogundua kuwa akina mama wawili wamezaliwa tarehe 14 Agosti. Kikao kilishangilia, mtu mmoja akasema kuwa nyota zao zimekutana, na mwingine akapendekeza wapewe mkopo wa pamoja. Mimi, kwa mazoea ya miaka mingi ya kufundisha hisabati, nilisema kuwa ningeshangaa zaidi kama pasingekuwa na wawili wa namna hiyo. Mzee mmoja alinijibu kwa upole: "Mwalimu, mwaka una siku 365, na sisi tuko 30 tu. Hata sehemu ya kumi ya siku hizo hatuifikii." Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno, na kwa kuwa hoja yake ndiyo ambayo karibu kila mtu huitoa, naona inastahili jibu kamili: wakiwa watu 23 tu chumbani, uwezekano wa walau wawili kuzaliwa tarehe moja tayari umevuka nusu.

Mzee alikuwa na haki katika hesabu yake, ila alijibu swali lingine. Mtu anayeambiwa habari hii hujiweka yeye mwenyewe katikati ya chumba na kuuliza: katika hawa wote, ni nani aliyezaliwa siku yangu? Kwa swali hilo mashaka ni ya haki kabisa, kwa sababu katika chumba cha watu 23 wenzako ni 22, na uwezekano wa kumpata walau mmoja mwenye tarehe yako ni takriban asilimia 6. Ili uwezekano huo uvuke nusu, unahitaji wenzako 253. Lakini katibu wetu hakuwa akitafuta tarehe ya mtu fulani. Angeridhika na tarehe yoyote na watu wowote wawili, na hapo kinachohesabiwa si watu tena bali ni jozi za watu.

Jozi huongezeka kwa kasi ambayo jicho haliioni. Wakikutana watu watano na kila mmoja akampa mkono kila mwenzake, mikono itakayopeanwa ni 10. Wakiwa 10, ni 45. Wakiwa 23, ni 253, kwa kuwa kila mmoja wa hao 23 hukutana na wenzake 22, kisha tunagawanya kwa mbili ili mkono mmoja usihesabiwe mara mbili. Katika kikoba chetu cha watu 30 zilikuwamo jozi 435, na kila jozi ilikuwa na nafasi yake ndogo ya kufanana tarehe.

Hapa ndipo mwanafunzi mwepesi hujikwaa. Akishajua kuwa jozi ni 253 na kuwa kila moja ina nafasi moja katika 365, hugawanya 253 kwa 365, akapata asilimia 69, na kuandika kuwa huo ndio uwezekano. Namna ya kulitambua kosa hilo ni kuongeza watu: wakiwa 28, jozi ni 378, na hesabu yake itamwambia kuwa uwezekano umezidi asilimia 100, jambo lisilowezekana. Alichokipata ni wastani wa idadi ya jozi zinazofanana, na wastani huo umebebwa kwa sehemu na vyumba vyenye jozi mbili au tatu kwa mpigo, huku vyumba vingine vikiwa havina hata moja.

Njia iliyo salama ni kuanzia upande wa pili, yaani kutafuta uwezekano wa watu wote kutofautiana. Tuwaingize chumbani mmoja mmoja. Wa kwanza ana uhuru wa tarehe yoyote. Wa pili, ili asifanane naye, amebakiwa na siku 364 kati ya 365. Wa tatu anapaswa kuzikwepa tarehe mbili zilizokwisha kuchukuliwa, kwa hiyo ana 363, na wa 23 anapaswa kuzikwepa 22, akabakiwa na 343. Kwa kuwa sharti ni kwamba wote wafaulu kukwepa, sehemu hizi huzidishwa:

```
364/365 × 363/365 × 362/365 × ... × 343/365 = 0.4927
```

Hakuna sehemu hata moja katika mnyororo huo iliyo ndogo; ya mwisho kabisa, 343/365, bado ni kama asilimia 94. Hata hivyo, ukizidisha namba 22 zilizo pungufu kidogo ya moja, tokeo hupungua kama sabuni inavyoisha mkononi. Uwezekano wa wote kutofautiana umeshuka hadi asilimia 49.3, na uwezekano wa walau wawili kufanana umefika asilimia 50.7. Wakiwa 22 ulikuwa 47.6, ndiyo maana 23 ndiyo namba inayotajwa. Kwa watu 30 unafika asilimia 70.6, na kwa 50 ni asilimia 97.

Mpira wa miguu umetupatia jaribio zuri kuliko vikao vyetu. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2014 nchini Brazili, kila moja ya timu 32 ilisajili wachezaji 23. Hesabu ilitabiri kuwa takriban nusu ya vikosi vingekuwa na wachezaji walau wawili wenye tarehe moja, na tarehe zilipolinganishwa, vikosi hivyo vilikuwa 16. Nakiri kwamba kuangukia nusu kamili ni bahati. 14 au 19 vingenitosha.

Hesabu hii imechukulia kuwa siku zote za mwaka zina uzito sawa na imeiacha tarehe 29 Februari. Tarehe hiyo haibadilishi kitu cha maana. Kuhusu uzito wa siku, watu hudhani kuwa kasoro hiyo huibomoa hoja, kumbe huiimarisha, kwa sababu watoto wakizaliwa kwa wingi katika miezi fulani, tarehe husongamana na kufanana kunakuwa rahisi zaidi. Kasoro iliyo nzito kwetu ni nyingine, nayo imo katika madaftari. Wazee wengi waliozaliwa nyumbani, wakikumbukwa kwa mwaka wa njaa au wa mafuriko, waliandikiwa tarehe 1 Januari na karani aliyehitaji kujaza nafasi. Tuseme kwa mfano kuwa mmoja kati ya kila 10 ameandikiwa hivyo: katika chumba cha watu 23, tarehe hiyo pekee ingetoa walau wawili kwa uwezekano wa takriban asilimia 68. Huko tunampima karani, wala hatupimi uzazi.

Nilimwuliza katibu juu ya jambo hilo. Akacheka, akanionyesha wanachama wanne wenye tarehe 1 Januari, ambao hakuwa amewatangaza kwa kuwa kila mtu anajua tarehe hiyo ilikotoka. Na mmoja wao ni yule yule mzee aliyenipinga. Kwa hiyo nami nilipaswa kusahihishwa: hesabu ya haki kwa kikoba chetu ilikuwa ya watu 26, ambao uwezekano wao ni karibu asilimia 60, wala si ile 70 niliyokuwa nimejigamba nayo kikaoni.