Sababu ya likizo: matibabu. Nukta.

Katika hoteli moja hapa Malindi, ambayo siitaji, kuna mtu aliyeona ni wema kuandika hivi kwenye kundi la wasapu la wafanyakazi wote, wapishi, madereva na askari wa geti wakiwemo: "Tumuombee dada yetu wa mapokezi, anaenda Mombasa kutafutiwa mtoto." Zikafuata Amin ishirini na kitu. Dada mwenyewe yumo kwenye kundi hilo. Alizisoma moja moja akiwa ameketi kaunta, mgeni mbele yake anasubiri ufunguo.

Ilijulikanaje? Alijaza fomu ya likizo. Fomu ina sehemu ya SABABU, na chini yake mistari mitatu ya nukta nukta, kama vile mtu anaombwa insha. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaijaza yote mitatu.

Wengi wamemlaumu aliyetuma ule ujumbe. Nami namlaumu, tena sana. Taarifa za afya ya mtu zimewekwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 katika fungu la taarifa nyeti, na kundi la wasapu si kabati la faili. Lakini hasira yangu kubwa ni ya ile mistari mitatu. Nani alisema mwajiri anastahili insha?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Inachodai ni cheti cha daktari kwamba huyu hawezi kufanya kazi. Hawezi kufanya kazi, basi. Haikudai jina la maradhi, wala picha ya kizazi. Haya, nakubali shingo upande kwamba sheria hiyohiyo inamtaka mfanyakazi amjulishe mwajiri kuwa hatakuwepo na kwa nini. Ila "niko kwenye matibabu" ni sababu kamili. Na Katiba, ibara ya 31, inamlinda mtu asidaiwe bila ulazima habari za familia yake na mambo yake ya faragha. Meneja anahitaji kujua nani atakaa kaunta Alhamisi. Hahitaji kujua mayai mangapi yamepevuka.

Likizo ya kutafuta mtoto haimo kwenye sheria yetu. Ukishazaa, unayo miezi mitatu. Baba ana wiki mbili, na anayeasili mtoto ana mwezi. Anayehangaika kumpata hatajwi, kwa hiyo inabidi ajishonee likizo yake kwa viraka: siku za likizo ya mwaka hapa, za ugonjwa pale. Hapo ndipo watu wanapokwama, maana fomu inataka "kuanzia tarehe, hadi tarehe", tena wiki mbili kabla, na mwili haufuati ratiba ya shifti.

Chukueni upandikizaji mimba, kwa mpango mmoja wa kawaida. Tuseme hedhi imeanza Jumamosi. Jumapili, siku ya pili, sindano za kukuza mayai zinaanza. Anajichoma mwenyewe nyumbani jioni na kazini anaendelea kama kawaida. Ijumaa, sindano ikiwa ya sita, anatakiwa Mombasa kwa skeni. Jumatatu tena skeni. Kesho yake Jumanne skeni nyingine, na daktari akiona mayai yamefikia kipimo anamwambia: leo saa nne usiku, jichome ile sindano ya mwisho ya kuyapevusha. Baada ya saa 36 hivi, yaani Alhamisi saa nne asubuhi, yanavunwa kwa dawa ya usingizi. Yanarutubishwa maabara kwa mbegu za mume, na kiinitete kikikuzwa siku tano, kinarudishwa tumboni Jumanne inayofuata.

Hesabuni wenyewe. Ni siku tano za safari zilizotawanyika kama kokwa za ukwaju, pamoja na siku ya kupumzika baada ya kuvuna. Si wiki mbili mfululizo, na wala si lazima azimalize siku zake zote za mwaka. Lakini hedhi ikichelewa siku tatu, vyote vinasogea siku tatu. Mayai yakikua polepole, inaongezeka skeni. Daktari akiona hayakui vizuri, anasimamisha kila kitu na mtu anarudi kazini kesho yake, huku fomu inasema yuko likizo hadi mwisho wa mwezi. Na mnajua hapa kwetu swali la pili baada ya salamu ni lipi: "Mbona umerudi mapema?"

Katika siku zote hizo, ya kuvuna ndiyo isiyo na mjadala. Mayai hayamngoji mtu aliyekwama kwenye foleni ya Mtwapa kwa kuwa meneja alimwambia "kwanza maliza shifti ya asubuhi". Akichelewa saa kadhaa yanaweza kutoka yenyewe, na mzunguko mzima umekwenda, pesa zote na sindano zote. Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo alale Mombasa. Na baada ya dawa ya usingizi asiendeshe gari siku hiyo, wala asirudi peke yake. Mume naye anahitajika kliniki asubuhi hiyohiyo, isipokuwa kama mbegu zake zimegandishwa mapema. Kwa hiyo na yeye anaomba ruhusa kwake, na wakiwa wanafanya kazi sehemu moja, tarehe mbili zinazolingana zinasema kila kitu. Bora mmoja atumie siku yake ya mapumziko ya wiki.

Ndugu zetu wa Lamu wao hawana hata nafasi ya kufikiria kwenda na kurudi. Boti hadi Mokowe, kisha basi la kupitia Witu na Garsen, mchana mzima umeisha. Wao waombe siku mfululizo, kuanzia skeni ya kwanza mpaka siku baada ya kuvuna, na wakae Mombasa kwa jamaa. Kumbe nao ni mtihani, jamaa wanataka kujua umekuja kufanya nini!

Nilichomwandikia yule dada, maana aliniuliza baada ya maji kumwagika, ni barua hii. Akaiambatanisha na fomu mpya, na penye mistari mitatu akaandika "Tazama barua":

"Naomba ruhusa ya kutokuwepo kazini kwa ajili ya matibabu yaliyopangwa na daktari. Siku za kutokuwepo hazitazidi saba, nazo zitaangukia kati ya tarehe 6 na tarehe 26. Si mfululizo. Tarehe kamili zinategemea vipimo, hivyo nitathibitisha kila moja mara tu ninapoambiwa na kliniki, na kwa kawaida nitajua siku moja au mbili kabla. Siku moja kati ya hizo haitaweza kuahirishwa. Siku za vipimo naomba zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Kwa siku nitakazoagizwa kupumzika nitaleta cheti cha daktari. Mwenzangu wa mapokezi amekubali tubadilishane shifti."

Mnaona haina uongo hata chembe, na haina habari pia. Nguvu yake iko kwenye kile kipande cha "kati ya tarehe 6 na 26", kwa sababu kinampa meneja mipaka ya kupangia, na kinaupa mwili nafasi ya kuchelewa. Ule mstari wa likizo ya mwaka nao una kazi yake. Siku ya skeni mtu si mgonjwa, na daktari mwaminifu hatamwandikia kwamba hawezi kazi. Siku ya kuvuna na inayofuata, ataandika bila kusita. Ukivichanganya viwili hivi, ofisi itaanza kuuliza ni ugonjwa gani huu wa Ijumaa na Jumatatu.

Halafu kuna cheti chenyewe. Mtu anaficha kila kitu, kisha analeta karatasi yenye nembo ya kliniki ya uzazi kichwani kwa herufi kubwa za rangi ya waridi! Kabla hujatoka kliniki, waambie unataka cheti cha mwajiri, kiandikwe tu kwamba uko chini ya matibabu na huwezi kufanya kazi kuanzia lini hadi lini. Jina la kliniki likiwa linajitangaza lenyewe, uliza kama daktari ana karatasi ya hospitali ya kawaida anakofanyia kazi pia. Madai ya bima nayo yapitie kwa bima moja kwa moja ikiwezekana, yasilale mezani kwa karani.

Wapo watakaosema rahisi ni kudanganya. Jamani, mji huu? Sema mama yako anaumwa Mambrui, na kabla ya magharibi ofisi nzima imepanda matatu kwenda kumjulia hali, na matunda mkononi. Wamkute anachuna kisamvu. Sema umefiwa na shangazi, utaletewa mkono wa tanzia kwenye bahasha, na kuupokea ni dhambi na kuukataa ni fedheha. Bora "matibabu", na anayeuliza zaidi umjibu "alhamdulillahi, naendelea vizuri, niombee tu". Akiuliza mara ya tatu, muulize yeye mshahara wake.

Na huu wema wetu ndio unaonichosha. Dada huyu alikuwa na haki ya kujisitiri. Sasa kila akishika tumbo kwa gesi, macho ya jikoni yote yako kwake. Akikaa mwezi bila kusema neno, wameshajua jibu kabla hajalia vya kutosha. Tena wapo wanaonong'ona "mtoto wa chupa", kana kwamba mbegu zimeokotwa barabarani, wakati ni za mumewe wa ndoa na yai ni lake mwenyewe.

Mtu mmoja tu kazini ningependa ajue, nalo nalisema bila furaha. Mwili mara nyingine huziitikia dawa za kukuza mayai kupita kiasi, hasa siku za baada ya kuvuna. Tumbo likivimba haraka, pumzi ikawa fupi, mkojo ukapungua, hiyo si ya kungoja shifti iishe, ni ya kwenda hospitali na kuwaambia wazi ni dawa gani umetumia. Awepo mwenzako mmoja anayeweza kulisema hilo iwapo wewe huwezi. Chagua mwenye kifua, na kama ofisi nzima haina mwenye kifua, basi namba ya dada yako iwe karibu.

Imebaki siku ambayo hakuna fomu inayoifikiria. Takriban wiki mbili baada ya kuvuna mayai kuna kipimo cha damu, na majibu huja kwa simu, aghalabu mchana. Yule dada alikuwa amepangwa kaunta siku hiyo, basi la watalii wa Kiitaliano linaingia. Nilimwambia abadilishe shifti, simu aipokee nyumbani, na siku inayofuata pia asiwe kazini, vyovyote vitakavyokuwa. Meneja akamuuliza, "Na hii ya nini tena?" Akajibu, "Ya mwaka. Nina siku tisa zimebaki."