Asilimia kumi ya nini? Kamisheni ya kumpeleka mteja kwa fundi

"Nachora ramani na kusimamia saiti hapa Dom. Fundi wa madirisha ya aluminiamu kasema nikimpelekea wateja ananipa asilimia kumi. Nichukue? Na mteja nimwambie?"

Kwanza muulize asilimia kumi ya nini. Tuseme nyumba ipo Nzuguni, madirisha yote ni milioni 6, na humo vioo, profaili na usafiri vinakula milioni 4, ufundi na faida yake milioni 2. Kumi ya jumla ni laki 6, yaani unamchukulia karibu theluthi ya ile milioni 2 yake, na hiyo hawezi kuivumilia muda mrefu, atapandisha bei au ataweka kioo cha milimita 4 pale mlipokubaliana cha 5. Mi ningeomba kumi ya ule ufundi, laki 2, na nilipwe kadiri mteja anavyolipa, akitoa advansi nusu nami napata laki 1, kazi ikivunjika na mteja akarudishiwa hela yake, nami narudisha. Andikeni pia kama ni kazi ya kwanza tu au na zinazofuata, maana ugomvi mwingi huanzia kwa jirani aliyependa madirisha akaja mwenyewe.

Sasa kumwambia mteja. Wanaokataa wana hoja, mteja akisikia laki 2 ataomba ipunguzwe kwenye bei, au atamfuata fundi pembeni, na kweli wapo wa hivyo. Tena kutafuta fundi wa uhakika ni kazi, umepoteza muda na mafuta, una haki ya kulipwa. Ila ukificha, hiyo tayari ni cha juu. Mi nilipojenga nililetewa fundi na msimamizi wangu, nikaja kujua kamisheni yake kwa kijana wa welding, siku ile ile nikaanza kutilia shaka hadi hesabu ya saruji ambayo pengine ilikuwa safi kabisa.

Mwambie kabla hajachagua, sio akishalipa advansi. Meseji fupi ya WhatsApp inatosha: "Huyu fundi nafanya nae kazi, ukimchukua atanipa laki 2. Bei ya mwingine ambaye hanipi kitu hii hapa, uko huru kuchagua." Na hiyo bei ya pili iwe kwa vipimo vile vile, unene wa kioo na wa profaili uandikwe, la sivyo hakuna cha kulinganisha.

Lakini wewe umesema unasimamia pia, na hapo nakaza. Anayetafutiwa fundi tu, kumwambia kunatosha. Anayekulipa umkagulie kazi amekununua jicho, huwezi kulipwa na unayemkagua halafu ukamwambia arudie dirisha linalovujisha. Hapo ama iache hiyo laki 2, ama ikate kwenye ada yako ya usimamizi na mteja aione imeandikwa kwenye risiti.