Alama za 1 mpaka 5: katipointi zinasema nini, na wastani wa kawaida unatosha wapi

"Wagonjwa wamepima huduma ya kituo kwa alama 1 mpaka 5, mimi nina masaa waliyosubiri. Bosi anataka wastani tu, mwalimu anasema odadi lojiti. Nimeirun nimepata katipointi nne, sijui nizisomeje, na je kuna haja kweli?"

Tuanze na katipointi maana hapo ndo watu wengi wanakwama. Odadi lojiti ni modeli ya majibu yenye ngazi zilizopangwa kutoka chini kwenda juu, nayo inafikiria kila mgonjwa ana kiwango cha kuridhika moyoni ambacho hatukioni, kinapanda na kushuka bila ngazi, sisi tunachokiona ni kile kiboksi alichotiki tu. Katipointi ni mipaka kwenye huo mstari usioonekana. Ukiwa chini ya mpaka wa kwanza unatiki 1, kati ya wa kwanza na wa pili unatiki 2, hivyo hivyo mpaka ukivuka wa nne unatiki 5, ndo maana ngazi tano zina mipaka minne.

Nitumie namba za mfano nilizojipangia mwenyewe, ili uweze kuzipiga kwa kalkuleta ya simu. Tuseme mipaka imetoka -3.0, -1.8, -0.5 na 1.2, na koefisienti ya saa moja ya kusubiri, yaani ile b kwenye fomula hapa chini, ni -0.6. Uwezekano wa mtu kutoa alama k au chini yake, kwa jinsi R na Stata zinavyoandika, ni huu:

```
P(Y <= k) = 1 / (1 + exp(-(mpaka_k - b*saa)))
```

Mtu ambaye hakusubiri kabisa, saa ni 0, kwa hiyo mpaka unabaki peke yake. Weka -3.0 unapata 0.047, ndo uwezekano wa kutiki 1, yaani "mbaya sana". Weka -1.8 unapata 0.142, lakini hiyo ni 1 na 2 kwa pamoja, kwa hiyo "mbaya" peke yake ni 0.142 toa 0.047, yaani 0.095. Endelea kutoa hivyo hivyo na utapata "kawaida" 0.236, "nzuri" 0.391, na "nzuri sana" 0.231 ambayo ni kile kilichobaki mpaka 1. Hakuna uchawi zaidi ya kutoa.

Sasa msubirishe masaa 4. -0.6 mara 4 ni -2.4, na kutoa -2.4 ni kuongeza 2.4, kwa hiyo mipaka yote inasogea juu: -0.6, 0.6, 1.9, 3.6. Ukipiga tena, "mbaya sana" imetoka asilimia 5 imefika 35, na "nzuri sana" imeshuka kutoka 23 hadi 3 hivi.

Angalia hapo katikati lakini, maana ndo sehemu inayopotosha ripoti nyingi. "Kawaida" kwa saa 0, 1, 2, 3, 4 inakuwa asilimia 24, 29, 31, 29, 22. Inapanda halafu inashuka! Koefisienti ni moja na ni hasi tangu mwanzo mpaka mwisho, ila ngazi ya kati mwanzoni inapokea watu wanaoshuka kutoka "nzuri", baadaye inawapoteza wanaoteremka kwenda "mbaya". Kwa hiyo mtu akikuandikia "kusubiri kunapunguza uwezekano wa kutoa alama 3" kwa kuangalia alama ya hasi tu, amekosea. Alama ya koefisienti inakuhakikishia ngazi mbili za mwisho tu, ya chini kabisa na ya juu kabisa, za katikati lazima uzipigie hesabu:

```r
library(MASS)
m <- polr(factor(alama) ~ saa, data = d, Hess = TRUE)
predict(m, data.frame(saa = 0:4), type = "probs")
```

Kosa jingine ni kuisoma katipointi yenyewe kama matokeo. Ukibadilisha saa iwe "masaa zaidi au pungufu ya 2", mipaka ile ile inageuka kuwa -1.8, -0.6, 0.7 na 2.4, wakati uwezekano wa kila mgonjwa haujabadilika hata chembe. Mpaka wenyewe unategemea sifuri yako umeiweka wapi, kinachobaki vile vile ni nafasi kati ya mpaka na mpaka. Hapa nafasi ni 1.2, 1.3 na 1.7, yaani chumba cha "nzuri" ni kipana kuliko cha "mbaya", mtu anakaa humo muda mrefu kabla hajahama. Pia angalia softwea: SAS kwa kawaida yake inajumlisha pale ambapo R na Stata zinatoa, mipaka inatoka ile ile lakini koefisienti inageuka alama. Nimeshaona timu ikihama softwea na kudhani data imeharibika, kumbe ni hilo tu.

Haya, bosi naye ana hoja na tumsikilize vizuri. Ukipiga wastani kutoka kwenye uwezekano huo huo unapata 3.66 kwa asiyesubiri na 2.16 kwa aliyesubiri masaa 4, karibu 0.38 kwa kila saa. Rigresheni ya kawaida ingekupa kitu cha kufanana, mwelekeo ule ule, na mganga mkuu anaielewa kwa sekunde mbili. Kama swali ni "je kusubiri kunashusha alama" na majibu yametawanyika vizuri, mi siwezi kukubishia ukitumia wastani. Ila kama swali ni nani anaondoka akiwa amekasirika, wastani unaficha jibu, kwa sababu 2.16 inaweza kuwa watu wengi wametiki 2 au theluthi wametiki 1, na hivyo ni vituo viwili tofauti kabisa. Na majibu yakijazana kwenye 5, kama inavyotokea mgonjwa akihojiwa palepale mlangoni nesi akisikia, mstari ulionyooka unaweza kukutabiria 5.3, alama ambayo haipo kwenye fomu.

Odadi lojiti nayo ina deni lake, na wanaoipigia debe hawalisemi vya kutosha. Ile -0.6 inadaiwa kufanya kazi sawa kwenye mipaka yote minne. Ipime hivi: kata data mara nne, 2 na zaidi, 3 na zaidi, 4 na zaidi, 5, kila mkato piga lojiti ya kawaida ya ndiyo/hapana, halafu zipange koefisienti pembeni.

```r
glm(I(alama >= 5) ~ saa, binomial, data = d)
```

Zikitoka -0.5, -0.6, -0.6, -0.7 endelea kwa amani. Zikitoka -0.2 chini na -1.1 juu, maana yake kusubiri kunaua "nzuri sana" lakini hakumsukumi mtu mpaka "mbaya sana", na ile namba moja ya katikati itakudanganya kote kuwili: itakuza hasira chini na kupunguza hasara juu. Kuna jaribio la Brant linalofanya ulinganisho huu kwa p-valyu, ila sampuli ikiwa kubwa linalalamikia tofauti ndogo zisizo na maana, na waliotiki 1 wakiwa wachache sana halina pa kushika, kwa hiyo mi naangalia zile namba nne kwanza.

Ukikuta zimeachana kweli, acha saa peke yake iwe na koefisienti tofauti kwa kila mpaka, `gologit2` ya Stata au `vglm` ya R zinafanya hivyo, halafu kagua utabiri wa kila ngazi maana modeli ikiachiwa hivi mipaka inaweza kupishana na ukapata uwezekano ulio chini ya sifuri. Kwa bosi peleka mistari miwili tu, ya alama 1 na alama 5, kuanzia saa 0 mpaka 4, na katipointi zibaki kwenye faili lako.